Mstari Chini ya Chupa

Hapa Rumonge, kando ya ziwa, ukimpelekea mama mwenye mtoto mchanga chupa ya mafuta ya kumpaka mtoto, hatakuuliza bei kwanza. Ataishika shingo, atatoka nayo mlangoni, ataiinua juani na kufumba jicho moja. Anatafuta mstari. Mafuta huelea juu ya maji, hilo linajulikana na kila aliyewahi kupika. Muuzaji akitia maji ili chupa ijae upesi, maji yatashuka na kutulia chini, na kati yake na mafuta utaonekana mstari ulionyooka kama ukingo wa meza. Ukionekana mstari, biashara yako imekwisha. Hakuna atakayekupigia kelele. Utarudishiwa chupa yako polepole, na kufikia alasiri soko zima litakuwa na habari zako.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa anapika mafuta hayo kabla mimi sijazaliwa, na hakuwahi kurudishiwa chupa hata moja. Hata moja! Ndiyo maana nikikumbuka mambo ya kiangazi kile bado damu inanichemka, na watu wakiniambia niyaache yapite nawaambia yapiteje, wakati yalipitia mikononi mwangu.

Si mawese mekundu ninayozungumzia. Hayo kila mtu anayo. Haya ni mafuta ya kokwa za ndani za chikichi, zile ngumu zinazobaki nyama ya tunda ikishakamuliwa. Shangazi huzianika, huzipasua kwa mawe mawili, huzitwanga, huzichemsha na maji, kisha huyaengua mafuta yanayopanda juu na kuyarudisha motoni peke yake. Hapo ndipo kazi yake ilipo. Mafuta yenye maji ndani hulia: yanapasukapasuka sufuriani, taa-taa-taa, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Maji yakiendelea kuisha, kilio kinapungua. Yakinyamaza kabisa, maji yamekwisha, na hapo hapo lazima uepue, maana ukizidisha kidogo tu yanaungua. Shangazi haangalii saa. Haangalii hata sufuria. Anakaa kwenye kigoda akiwa ametoa mtandio sikioni upande mmoja, na wewe ukiongea wakati huo atakufukuza uwanjani.

Mafuta yenyewe, jua likishapanda, yanang'aa dhahabu hafifu, unaona kidole chako upande wa pili. Kwa hiyo anayatia kwenye chupa nyeupe za kioo tu, ambazo anazikusanya, anazichemsha na kuzifunga kwa vizibo. Mara ngapi nimemwambia achukue za plastiki, nyepesi, hazivunjiki? "Mafuta yenye hayaonekani," ananijibu, "iko na kitu yanaficha." Mjadala unakwisha hapo.

Mimi nina studio. Neno kubwa kwa chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi madogo, chenye kompyuta, printa, na pazia jeupe la picha za pasipoti, lakini ndiyo studio. Nyuma yake kuna ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta kuna ziwa. Mwaka ule nilikuwa nimepata programu ya kuondoa mandhari ya nyuma ya picha. Unabonyeza mara moja, inamtafuta mtu pichani, inamkata, inamweka peke yake. Jamani, nilijivuna! Bibi harusi aliyepigwa picha mbele ya lundo la mihogo nikamtoa kwenye mihogo. Vijana wa kwaya waliopigwa picha sokoni nikawatoa sokoni. Nilidhani nimemaliza.

Ndipo akatokea Madamu. Sitamtaja zaidi ya hapo. Ana duka Bujumbura la vitu vya watoto wachanga na ukurasa wa mtandaoni ambapo kila bidhaa iko juu ya nyeupe tupu, hakuna kivuli, hakuna vumbi. Mtu alikuwa amempa chupa ya Shangazi kama zawadi, akaipenda, akapiga simu. Alitaka chupa arobaini, na nyingine kila mwezi. Ila kwanza picha, kwenye fondi nyeupe, yaani nyuma yake kuwe nyeupe tupu, ili wateja wake waone.

Kwa Shangazi jambo hili halikuwa la faida peke yake. Magoti yake yalikuwa yamekataa safari za sokoni. Alikuwa amebaki akitegemea wanaokuja kugonga mlangoni, na wanaokuja walikuwa wanapungua. Duka la Bujumbura lingemfanya apike akiwa kwake, kwenye kigoda chake, kwa jina lake zuri. Akapika mzigo wote, akajaza chupa zote arobaini, akazipanga ukutani chumbani kwake, akaniletea mojawapo ameifunga kwenye khanga.

"Upige vizuri, mama," akaniambia. "Waone kama iko safi."

Nilitaka mwanga mzuri, basi nikaiweka chupa juu ya ule ukuta mfupi nyuma ya studio, mchana, ziwa likiwa nyuma yake. Nikainama hadi kamera ikalingana nayo. Milima ya Kongo ilikuwa imemezwa na ukungu wa kiangazi. Kulikuwa na ziwa chini na anga nyeupe juu, basi. Ilipendeza sana. Nikarudi ndani, nikabonyeza mara moja kama kawaida yangu.

Programu ikaniletea kizibo kinaelea hewani.

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitukana. Tumbo la chupa lilikuwepo, kizibo kilikuwepo, shingo haipo. Imekatwa ikatupwa pamoja na anga. Nikabonyeza tena. Safari hii ikanirudishia nusu ya shingo, na bega moja likawa limeng'atwa kama mkate. Mara ya tatu ikaamua kwamba chupa yenyewe ndiyo takataka, ikanibakishia kizibo na kipande cha ukuta. Programu iliyowatambua wanakwaya kumi na wawili na kila unywele wao, inashindwa na chupa!

Leo najua sababu, maana niliitafuta kwa hasira mpaka nikaipata. Programu ile haijui chupa. Inaangalia rangi na kingo, na kwa kila kijidoa cha picha inajiuliza: wewe ni wa kitu, au ni wa nyuma? Shati ni jekundu, ukuta ni wa kijani, ukingo uko pale, kata. Lakini kioo hakina rangi yake. Rangi unayoiona shingoni ni rangi ya anga iliyopita ndani yake. Sasa kile kijidoa ni cha chupa au cha anga? Ni cha vyote viwili, na programu kama ile yangu haina jibu la vyote viwili. Ina majibu mawili tu: baki, au ondoka. Na ukingo wenyewe, pale kioo kinapofanana na kilicho nyuma, haupo. Kilichobaki kuonekana ni mng'ao huku na mstari mweusi kule, vipande vipande. Basi inabahatisha.

Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba wateja wa pasipoti wamejaa mlangoni na Madamu ameshatuma ujumbe mara mbili. Nikachukua brashi ya kurudisha, nikapaka shingo mpaka ikarudi, nikapaka bega, nikaweka nyeupe nyuma, nikatuma. Haraka haraka haina baraka, nimefundishwa tangu mdogo na bado sikusikia.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Tumbo la chupa sikulitazama. Programu ilikuwa imelibakiza zima, nikashukuru, nikapita. Lakini ilikuwa imelibakiza na kila kilichokuwa kinaonekana ndani yake. Ilifuta ziwa kushoto kwa chupa, ikafuta ziwa kulia kwa chupa, na ziwa lililoonekana kupitia chupa ikaliacha, kwa sababu ilidhani ndiyo chupa. Basi juu ya ile nyeupe tupu kulikuwa na chupa ya mafuta ya dhahabu ambayo theluthi yake ya chini ilikuwa ya kijani cha kiza, na kati ya dhahabu na kijani, mstari ulionyooka kabisa. Upeo wa ziwa. Mimi niliyekuwa nimepiga magoti pale ukutani, macho yangu yaliona ziwa, yakatulia. Mtu mwingine yeyote wa mwambao huu angeona maji.

Madamu hakunipigia mimi. Alimtumia Shangazi picha ile na ujumbe mfupi wa sauti, salamu na asante vikiwa kwa lugha ya kwetu. Niliisikia baadaye mara nyingi kuliko nilivyotaka. "Amahoro, mama. Nimeangalia foto. Hapa chini iko maji. Hata kipofu anaona. Mimi nauzia watoto wachanga, siwezi. Murakoze." Hakuuliza. Hakuwa na chupa halisi ya mafuta hayo hayo nyumbani kwake? Alikuwa nayo! Angeinyanyua dirishani mara moja tu. Lakini hapana, picha imesema.

Siku tatu Shangazi hakunipigia simu. Ya nne nikaenda mwenyewe, nikijua nakwenda kusikia habari njema. Harufu nikaipata toka njiani, harufu chungu ya mafuta yaliyoungua. Nikakimbia nikidhani nyumba inaungua.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda uwanjani, mtandio umeshuka mabegani. Mbele yake chupa thelathini na tisa, tupu, zimeoshwa. Pembeni sufuria kubwa, na ndani yake mafuta meusi kama ya injini.

"Shangazi! Kumetokea nini?"

"Nilikuwa natoa maji," akasema.

"Maji gani?"

Akanipa simu yake. Nikaona picha yangu, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mstari.

Alikuwa amezimimina zote. Chupa baada ya chupa, amezirudisha sufuriani, akawasha moto, akakaa kusubiri mafuta yalie ili maji yatoke. Hayakulia.

"Yalinyamaza toka mwanzo," akaniambia. "Nikasema labda masikio yangu yamezeeka. Maana kwa foto maji iko. Nikaongeza kuni. Bado kimya. Nikaongeza tena." Akatazama sufuria. "Mpaka yakaungua."

"Kwa nini hukuniita? Kwa nini hukuinua hata chupa moja ukaitazama?"

"Niliinua. Sikuona kitu. Nikasema basi, na macho pia."

Nilipiga kelele. Siyo kwake, Mungu aniepushe, lakini nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Miaka yote ile, sikio lile, jicho lile, na kinachoshinda ni kijipicha nilichokipaka brashi nikiwa na haraka ya pasipoti! Nani aliwafundisha watu kwamba kilicho kwenye kioo cha simu ni kweli kuliko kilicho mkononi? Na mimi ndimi niliyekitengeneza. Hasira ilikuwa inazunguka inatafuta mtu wa kumkamata, na kila ikizunguka inarudi kwangu.

Nikachukua chupa mojawapo tupu, nikaijaza maji ya mtungi, nikashika khanga yake nyuma ya chupa. "Unaona nini ndani ya chupa?"

"Khanga."

"Khanga iko ndani?"

"Oya, hapana, iko nyuma."

"Sasa mtu akate chupa hii pichani, atupe khanga yote ya pembeni, aache chupa tu. Hii inayoonekana katikati itakwenda wapi?"

Akafikiri. Akaisogeza khanga kidogo, akaona maua yake yanakimbia ndani ya chupa upande wa pili, kinyume. Akairudisha. Shangazi si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili.

"Kumbe ile maji ni ziwa," akasema.

"Ni ziwa, Shangazi. Nilikuwa nimeiweka ukutani."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi. Alikunja khanga yake mara nne, akaiweka mapajani, akasema, "Kumbe masikio yalikuwa mazima."

Nilimpigia Madamu kutoka barabarani. Nikamweleza kioo, nikamweleza ziwa, nikamwambia inua ile chupa uliyo nayo. Akasikiliza kwa upole ule wa watu wasiokuamini. "Sasa, mama," akanijibu, "mashine itasema uongo kwa nini? Haijui hata huyo shangazi yako." Nikakata simu kabla sijasema neno ambalo lingemmaliza Shangazi kabisa.

Ilikuwa imebaki chupa moja duniani ya mzigo ule, ile ya studio. Nikaapa kwamba picha yake itakuwa ya kweli hata kama nitafunga duka wiki nzima. Na kweli nilifunga siku mbili.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kitu cha kuona ndani, kama kioo, hakiondolewi kilicho nyuma yake. Unakipa nyuma ile ile unayoitaka tangu mwanzo. Picha ikitakiwa juu ya nyeupe, basi nyeupe ndiyo ipite ndani ya kioo. Nikatandaza shuka jeupe dirishani, jua likalipiga kwa nje, nikaiweka chupa mbele yake, mbali kidogo. Tumbo likawaka dhahabu tupu. Lakini kingo zikapotea, kioo kikayeyukia kwenye shuka, nikaielewa ile programu jinga. Nikakata vipande viwili vya karatasi nyeusi, nikavisimamisha kushoto na kulia kwa chupa, nje kidogo ya picha. Kioo kikaichukua ile nyeusi pembeni mwake, na chupa yote ikajichora yenyewe kwa mstari mwembamba, kizibo, shingo, bega, mpaka kitako.

Kwenye kompyuta sikubonyeza kitu kinachojifanyia kazi chenyewe. Nikachora umbo kwa mkono, nukta kwa nukta. Kisha nikailaza chupa juu ya nyeupe kwa ile njia ya kuzidisha rangi, ambayo kilicho cheupe kinapotea na kilicho cheusi au cha rangi kinabaki, kwa kiasi chake. Hapo shingo ikawa kioo kweli, si kipande kilichobandikwa. Nikaitazama tumboni, safari hii kwa muda mrefu, jicho moja nimelifumba. Hakuna mstari.

Nikaituma. Jibu likaja kabla sijazima kompyuta, sauti yenye furaha. "Aaa! Sasa ni sawa. Umuambie mama nimefurahi sana, maji yote ametoa. Alete hizo arobaini. Murakoze cane."

Nikaisikiliza mara mbili. Ni chupa ile ile! Haikufunguliwa kizibo! Nilitaka kumpigia nimwambie: Madamu, hakuna aliyetoa maji, hakukuwa na maji, kilichosafishwa ni ujinga wangu, na wako bado haujasafishwa. Nikampelekea Shangazi kwanza. Akaisikiliza, simu ameilaza kiganjani.

"Mwache," akasema.

"Lakini anadhani ulimdanganya halafu ukatubu!"

"Najua anachodhani. Mwache, mutoto. Nitapika."

Tukapika pamoja. Nilipasua kokwa mpaka vidole vikaota malengelenge, nikatwanga, nikachochea moto, nikitaka kila jiwe liniume kwa sababu nilistahili. Siku ya kuepua nilikaa chini kando ya kigoda chake, kimya, nikijua sheria. Mafuta yakaanza kulia. Taa-taa-taa. Yakalia kwa muda mrefu, yakapunguza, yakabaki kulia moja moja, kama mtoto anayekaribia usingizi. Kisha yakanyamaza.

Nikamtazama. Sikio lake moja lilikuwa wazi kama siku zote. Vitambaa vya kushikia sufuria vilikuwa tayari mikononi. Hakuinuka.

Nikasubiri. Uso wa mafuta ukaanza kufuka moshi mwembamba kabisa.

"Mama," akaniambia, akiwa bado ameinamia sufuria, "wewe unasikia nini?"

"Yamenyamaza, Shangazi."

"Kweli?"

"Kweli."

Akanyoosha mkono kuelekea mfuko wangu, ule wenye simu. "Piga foto kwanza," akasema, "tuone."